Mbegu za Tufaha: Sumu Imo, Lakini kwa Kiasi Gani?



Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Majengo na Eastleigh hadi Buruburu, Umoja na Kayole, tufaha limekuwa tunda la kila siku. Zamani lilikuwa zawadi ya mgonjwa aliyelazwa hospitali. Leo linauzwa kando ya barabara ya Jogoo, katika soko la Muthurwa na mlangoni mwa kila duka la mtaani, na watoto wamelipa jina lao la epo. Pamoja na wingi huo limekuja neno linalopita kutoka simu hadi simu, kwamba ndani ya mbegu za tunda hilo mna sianidi, ile sumu mashuhuri ya kuua. Akina mama kadhaa wametuuliza kama neno hilo ni kweli, na kama ni kweli, ni mbegu ngapi zinazoweza kumdhuru mtu mzima. Wapo wanaouliza kwa hofu, kwa kuwa mtoto amekwisha kumeza. Wapo pia wanaouliza kwa upande wa pili kabisa, kwa kuwa wameambiwa kwamba mbegu hizo ni dawa na wanataka kuzikusanya. Makundi yote mawili yanastahili jibu kamili, nasi tutalitoa kwa hesabu ambayo kila mmoja aweza kuirudia mwenyewe mezani.

Tuanze na lile la kwanza, kama sumu imo. Jibu la haki ni kwamba mbegu nzima ya tufaha haina sianidi iliyo huru. Iliyomo ni amigdalini, aina ya sukari iliyofungamana na sianidi, na maadamu imefungamana hivyo haina ukali wa sumu yenyewe. Katika mbegu hiyohiyo, lakini katika chumba kingine, mna kimeng'enya chenye uwezo wa kukata fungamano hilo. Mbegu ikiwa nzima, viwili hivi havikutani. Ikisagwa kwa meno, kwa kinu au kwa blenda, kuta za vyumba huvunjika, kimeng'enya huifikia amigdalini, maji huingia kati, na sianidi hutoka. Ndiyo maana mtu akitafuna mbegu moja husikia uchungu na harufu inayofanana na ya lozi chungu. Huo ni ulinzi wa mti kwa kizazi chake: mnyama ale nyama ya tunda, aiache mbegu.

Kutokana na maelezo hayo hukumu ya mbegu iliyomezwa nzima inakuwa nyepesi. Ganda la mbegu ya tufaha ni gumu na laini kwa nje, na tumbo la mwanadamu halilivunji kwa urahisi. Mbegu hupita na kutoka kama ilivyoingia. Mtoto aliyekula tufaha na kitovu chake, akameza mbegu tano au sita bila kuzitafuna, hahitaji kutapishwa, wala kunyweshwa maziwa au mafuta. Kumtapisha kwaweza kumletea madhara ambayo mbegu zenyewe zisingeyaleta, kwa kuwa matapishi yanaweza kuingia katika njia ya pumzi.

Sasa tuzigeukie mbegu zilizotafunwa au kusagwa, kwani hapo ndipo penye hesabu. Tunahitaji kujua mambo matatu tu: gramu moja ya mbegu hutoa sianidi kiasi gani, mbegu moja ina uzito gani, na mwili wa mtu mzima hustahimili kiasi gani.

Kwa jambo la kwanza, vipimo vya maabara hutofautiana kwa aina ya tufaha. Kuna aina ambazo gramu moja ya mbegu haifikishi hata robo ya miligramu ya sianidi, na kuna vipimo vilivyofika miligramu 0.6 au kuzidi kidogo. Sisi tutashika 0.6, yaani upande wa tahadhari, na tutachukulia kwamba yote hutoka, ingawa kwa kutafuna tu si rahisi yote itoke.

Jambo la pili ni uzito, na hapa ndipo penye kosa linaloenea zaidi. Katika maandishi mengi yanayosambazwa utakuta imeandikwa kwamba mbegu 83 za tufaha zinatosha kumuua mtu mzima. Tukiifuata hesabu hiyo hadi mwanzo wake tunaona ilivyopatikana: mtu wa kilo 70, dozi ya chini kabisa ya kuua, na mbegu moja kupewa uzito wa gramu 0.7. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini uzito huo sio. Chukua mbegu kumi za tufaha uziweke juu ya mizani ya sonara, au hata mizani ndogo ya jikoni ya kupimia hamira. Zote kumi kwa pamoja hazifiki gramu moja. Mbegu moja ya kawaida ina takriban gramu 0.05, maana yake mbegu ishirini ndizo hufanya gramu moja, na hata iliyo nono haivuki gramu 0.1. Aliyeandika 0.7 aliizidisha mbegu mara kumi na zaidi, na kwa hiyo akaipunguza idadi ya mbegu kwa kiasi hichohicho.

Tukiyaunganisha mambo hayo mawili, mbegu moja ya kawaida, ikisagwa kabisa, hutoa si zaidi ya miligramu 0.03 za sianidi. Tuikumbuke namba hiyo, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa yaliyobaki.

Jambo la tatu ni mwili. Sianidi huzuia seli zisiitumie hewa ya oksijeni. Damu inaweza kuwa imejaa oksijeni, na mapafu yakawa yanafanya kazi, lakini seli za ubongo na za moyo zikashindwa kuitumia, mithili ya mtu afaye kwa kiu hali ya kuwa maji yamemfika kifuani. Hata hivyo mwili haukuachwa bila kinga. Ini lina kimeng'enya chake kinachoichukua sianidi, kikaiunganisha na salfa itokayo katika vyakula vya protini kama nyama, samaki, mayai na maharagwe, ikageuka kuwa kitu chenye sumu ndogo mno kinachotoka kwa njia ya mkojo. Kazi hiyo hufanyika kila siku bila sisi kujua. Sharti lake ni moja, nalo ni kwamba sumu ije kidogo kidogo. Ikija nyingi kwa mara moja, ini halina muda wa kuimaliza.

Kwa sababu hiyo kuna mipaka miwili, na lazima tuitenge. Mpaka wa kwanza ni wa usalama. Mwaka 2016, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kiasi ambacho mtu anaweza kukila kwa siku moja bila wasiwasi, nacho ni miligramu 0.02 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mpaka wa pili ni wa mauti. Dozi inayoweza kuua kwa njia ya mdomo hutajwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna uwanja mpana, ambamo mtu anaweza asisikie lolote, au akaumwa kichwa, akazunguzwa na kutapika, kwa kadiri anavyousogelea mpaka wa pili.

Tuchukue sasa mama wa kilo 60. Mpaka wake wa usalama ni miligramu 1.2. Tukigawanya kwa 0.03, tunapata mbegu 40 zilizotafunwa kabisa. Kama mbegu ni zile nono, idadi hiyo inashuka hadi 20. Mpaka wake wa mauti, kwa kushika dozi iliyo ndogo kabisa, ni miligramu 30, nazo ni mbegu 1,000 za kawaida, au 500 zilizo nono. Tufaha moja lina vyumba vitano vidogo kitovuni, na kwa kawaida huwa na mbegu kati ya tano na nane. Tukisema saba, mbegu 1,000 ni za matufaha zaidi ya 140, yaani zaidi ya makasha mazima ambayo mwenye duka la mtaani huyauza kwa siku kadhaa. Tena zisagwe zote na ziliwe kwa mkao mmoja.

Hili basi ndilo jibu la swali. Mtu mzima aliyetafuna mbegu za tufaha moja, mbili au tatu hana la kuhofia. Akizidisha mbegu ishirini kwa siku moja ameingia katika eneo ambalo halina sababu ya kuingiwa, ingawa hatari yenyewe bado i mbali. Anayezisaga kwa mamia anacheza na mauti. Hakuna ajaliye inayomfikisha mtu huko kwa kula matunda. Humfikisha kwa kukusudia, na kukusudia huko tutakuzungumzia hivi punde.

Kabla ya hapo tuitazame blenda, ambayo imekuwa chombo cha kila nyumba, na hasa jioni za Ramadhani. Mama huyakata matufaha manne vipande vinne vinne, akayatia pamoja na vitovu vyake, akasaga na maziwa au maji na tangawizi, akajaza jagi. Blenda husaga kuliko meno, kwa hiyo yale tuliyoyasema juu ya mbegu kupita nzima hayahusu hapa. Matufaha manne yana mbegu kama 28, nazo kwa hesabu yetu hutoa miligramu 0.84 kwa jagi zima. Mama wa kilo 60 akilinywa lote peke yake bado hajafika 1.2. Lakini mtoto wa miaka mitatu au minne, mwenye kilo 15, mpaka wake wa usalama ni miligramu 0.3. Akinywa nusu ya jagi amepata 0.42, na hivyo ameuvuka. Hatakufa kwa hilo, maana dozi ya chini ya kuua kwa kilo zake ni miligramu 7.5, mbali mno na 0.42. Hata hivyo ameuvuka mpaka wa tahadhari kwa sababu tu kisu hakikupitishwa kitovuni. Dawa ya jambo hili ni kisu hicho na nusu dakika ya kazi. Kata tunda mara nne, ondoa kitovu na mbegu, kisha saga. Na sharubati ikitoka na uchungu usiouelewa, usiufunike kwa sukari. Uchungu ndio dalili iliyo karibu nawe.

Na kwa watoto wadogo wa chini ya miaka mitano tuongeze neno moja. Tufaha lina hatari kwao, lakini hatari hiyo ni kipande kigumu kinachoweza kukwama kooni. Anayetafuta cha kumlinda mtoto huyo aanze hapo: amkatie vipande vyembamba au amkwangulie, na amkalishe wakati wa kula.

Huenda msomaji akasema kwamba hesabu hizi ni za karatasi. Tutazame basi tukio lililotokea jirani yetu, ambamo sianidi ya chakula iliua watu kwa kweli. Mwezi wa Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, watu walianza kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha baada ya kula ugali wa unga wa muhogo, na kundi la kwanza lilikuwa la watu waliotoka mazishini. Wagonjwa walifika 98, na wawili kati yao walifariki. Unga ulipopimwa ulikutwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kila kilo, ilhali kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10. Muhogo nao huhifadhi sumu yake kwa njia ileile ya mbegu ya tufaha, imefungamana na sukari, ikingoja kuvunjwa. Muhogo mchungu usipolowekwa, kukwanguliwa na kuanikwa vya kutosha, sumu hubaki katika unga.

Linganisha. Mtu aliyekula ugali wa gramu 200 za unga ule alikaribia miligramu 18 za sianidi. Ili mtu azipate kutoka katika tufaha angelazimika kusaga mbegu 600, za matufaha 85 hivi. Ndipo tunapoona tofauti: sahani moja ya chakula cha kawaida ilibeba kile ambacho kikapu kizima cha matunda kisingebeba. Mama wa Eastlands anayehofia mbegu moja ya tufaha, huku akinunua unga wa muhogo wa bei ya kutupa asiojua ulikotoka wala ulivyoandaliwa, hofu yake ameielekeza pasipo pake. Muhogo mtamu unaomenywa, ukachemshwa au kukaangwa vizuri, ni chakula chema cha mababu zetu. Kinachopasa kuogopwa ni ule mchungu ulioharakishwa.

Sasa turejee kwa wale wanaokusanya mbegu kwa ajili ya dawa, na kwao tunasema kwa uzito zaidi. Kwa miaka mingi amigdalini imeuzwa duniani kwa jina la vitamini B17, kwa madai kwamba inatibu saratani. Si vitamini, kwa kuwa mwili hauihitaji wala haupati ugonjwa kwa kuikosa, na majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa hayakuonyesha kwamba inaponya; yalionyesha baadhi yao wakipata dalili za sumu ya sianidi. Aina inayouzwa zaidi ni kokwa chungu za aprikoti, tunda ambalo Waarabu huliita mishmishi, na hizo ni kali kupita mbegu za tufaha kwa mbali. Mamlaka ileile ya Ulaya ilisema kwamba mtu mzima akila zaidi ya kokwa ndogo tatu mbichi kwa mara moja anaweza kuuvuka mpaka wa usalama, na kwa mtoto mdogo hata kokwa moja ndogo yatosha kumvusha. Kwa hiyo pakiti ya kokwa hizo ikiletwa nyumbani na jamaa aliyetoka safari, isiwekwe kabatini pamoja na lozi na zabibu ambazo watoto huchovya mikono.

Hatari ya dawa hiyo imejificha katika namna inavyotumiwa. Mgonjwa hasagi mbegu kumi. Huambiwa asage kijiko leo, viwili kesho, achanganye na asali uchungu usisikike, na aongeze kila wiki. Asali imeuondoa ule uchungu uliokuwa mlinzi, na kinu kimeyavunja maganda yote. Vijiko vichache vya mbegu za tufaha zilizosagwa ni mamia ya mbegu. Na wasidhani kwamba kuzichemsha au kuzikaanga kwamaliza jambo. Moto huua kimeng'enya cha mbegu, lakini amigdalini hubaki, na utumboni mwetu kuna bakteria wenye vimeng'enya vya kufanya kazi ileile. Mgonjwa wa saratani ana haki ya kuambiwa ukweli, na ukweli ni kwamba kila wiki anayoipoteza kwa mbegu ni wiki aliyoichelewesha tiba.

Tumalize kwa dalili, maana aliyezijua huokoa muda. Sumu ya sianidi itokanayo na mbegu huanza kujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa. Mtu huumwa kichwa, huzunguzwa, hutapika, hupumua kwa haraka kama aliyekimbia ingawa ameketi, moyo humwenda mbio, kisha huchanganyikiwa. Ikizidi huja degedege na kupoteza fahamu. Aliyekula mbegu nyingi zilizosagwa, au kokwa za aprikoti, akaonyesha lolote katika hayo, asitapishwe na asingojewe kupata nafuu. Apelekwe mara moja hospitali yenye kitengo cha dharura, kama ile ya Mama Lucy Kibaki kwa wakazi wa upande wa Umoja na Kayole, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Aliyempeleka achukue mabaki ya mbegu au pakiti yake, na aseme wazi neno sianidi, ameikula lini na kiasi gani. Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine mengi, na daktari asipoambiwa anaweza kuzitafuta kwingine. Kwa sumu hii oksijeni hutolewa mapema, na dawa za kuiondoa mwilini zipo, ila hufaa kwa aliyewahi.

Ama aliyekula tufaha lake mchana huu akatafuna mbegu mbili bila kukusudia, na aendelee na shughuli zake. Ini lake lina uwezo wa kuimaliza kazi hiyo.

Wabillahi tawfiq.